Kanuni ya Mkopo Ikae Wapi?

Chukua kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mwanachama haruhusiwi kukopa zaidi ya mara 3 ya akiba yake. Mwenye akiba ya shilingi 40,000 mwisho wake ni 120,000. Kikundi kimetengenezewa programu ya simu, na fundi ameiandika kanuni hiyo palipoonekana rahisi: kwenye kitufe cha kuombea mkopo. Ukijaza kiasi kinachozidi, kitufe kinafifia, hakibonyezeki. Kila mtu anaridhika.

Kisha wenye simu za kitochi nao wanataka huduma, inaongezwa menyu ya nyota na reli. Menyu haina kitufe cha kufifia. Ni maandishi na tarakimu tu. Mwenye akiba ya 40,000 anaandika 200,000, anathibitisha, na mkopo unapita. Hakuna aliyedukua chochote. Kanuni iliandikwa kwenye sura ya programu ya kwanza, na sura ya pili haikuwa na habari nayo.

Ni kwa ajili ya balaa kama hili kwamba watengeneza programu huigawa kazi yao katika sehemu 3, kwa muundo unaojulikana kama MVC. Modeli hubeba data pamoja na kanuni zinazoilinda. Mwonekano ni kile mtu anachokiona. Katikati kuna kidhibiti, kinachopokea ombi la mtumiaji, kulipeleka kwa modeli, kisha kuchagua mwonekano wa kumrudishia jibu.

Aliyeuasisi ni Trygve Reenskaug, Mnorwe ambaye kabla ya hapo alishughulika na programu za kusanifu meli. Mwaka 1979, akiwa mgeni katika maabara ya Xerox PARC huko Kalifornia, alitafuta namna ya kumwezesha mtu kuitazama na kuishughulikia data nyingi, kama ya mpango wa mradi mkubwa, kwa sura mbalimbali: jedwali hapa, mchoro pale, data ikibaki ile ile. Naona huo ndio moyo wa jambo lenyewe. Data ni moja, sura ni nyingi, kwa hiyo lisilobadilika kwa kubadilika sura halina sababu ya kukaa kwenye sura.

Turudi kwenye mkopo wetu. Katika lugha ya Python, modeli yake inaweza kuwa fupi hivi:

```python
class Mwanachama:
    def __init__(self, akiba):
        self.akiba = akiba
        self.deni = 0

    def kopa(self, kiasi):
        if self.deni + kiasi > 3 * self.akiba:
            raise ValueError("Mkopo umezidi")
        self.deni += kiasi
```

Hapa hapatajwi kitufe, rangi wala menyu. Ombi la 200,000 likija kutoka simu janja, kidhibiti kinaita `kopa`, modeli inakataa, na mwonekano unaandika kwa wino mwekundu kwamba mkopo umezidi. Likija kutoka kitochi, kidhibiti kingine kinaita `kopa` ile ile, inakataa vile vile, na jibu linarudi kwa mstari mmoja wa maandishi. Kitufe bado kinaweza kufifia, na ni vizuri kifanye hivyo, maana kinampunguzia mtu usumbufu. Ila kufifia kwake ni adabu tu kwa mtumiaji. Ulinzi uko kwenye modeli.

Sehemu inayoharibika kwa urahisi ni kidhibiti. Kwa kuwa kila ombi linapita hapo, fundi mwenye haraka hukitwika kila kitu: hesabu ya riba, ukaguzi wa wadhamini, hata ujumbe wa kutuma. Baada ya mwaka kimevimba hadi mamia ya mistari, na kanuni ya mara 3 imenakiliwa kwenye vidhibiti viwili. Mkutano mkuu ukiibadilisha kuwa mara 4, kimoja kinarekebishwa, kingine kinasahaulika. Kipimo cha kuligundua hilo mapema ni rahisi: jaribu kuikagua kanuni bila kufungua skrini yoyote. Tengeneza `Mwanachama(40000)`, mwite akope 120,000 na apite, kisha aombe shilingi 1 zaidi na akataliwe. Ikikubidi uwashe simu ndipo ujue, kanuni imekaa pasipo pake.

Lakini mgawanyo huu hautibu kila kitu. Tuseme mwanachama anaomba 120,000 kwa simu janja na 120,000 kwa kitochi, sekunde ile ile. Maombi yote mawili yanasoma deni likiwa 0, na modeli, ikiwa sahihi kabisa, inayakubali yote. Dawa ya hilo iko kwenye hifadhidata: rekodi ya mwanachama ifungwe mpaka ombi la kwanza liishe kuandikwa, ndipo la pili lisome deni la 120,000 na likataliwe.