Kuipasha Protini Moto Ili Ijulikane Inapotulia

Kabla ya kuichunguza protini moja kwa undani, mtafiti hana budi kuipata ikiwa peke yake. Huwapandikizia bakteria jeni yake, akawakuza kwa lita nyingi, akawapasua, kisha akaitenga protini yake na maelfu ya nyingine. Kazi hiyo ya siku kadhaa huishia kwenye mililita chache za maji angavu ndani ya kichupa. Kichupa huingia kwenye jokofu jioni, na asubuhi hukutwa kimekuwa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele. Protini zimeshikamana zikawa vibonge, na kwa kawaida vibonge hivyo havirudi kuwa protini inayofanya kazi.

Mara nyingi tatizo liko kwenye maji yenyewe. Protini haikai kwenye maji matupu. Hukaa kwenye bafa, yaani maji yenye kemikali inayozuia kiwango cha asidi, au pH, kisiyumbe. Humo huongezwa chumvi, pengine na gliseroli kidogo. Kila protini ina mazingira inayoyastahimili na mengine yanayoilegeza, na kwa kuitazama tu hakuna awezaye kusema ni yapi. Kujaribu bafa moja baada ya nyingine kwa kusubiri wiki nzima kila mara ni kuimaliza protini kabla jibu halijapatikana.

Ipo njia ya kuyajaribu mazingira kadhaa kwa mpigo, ndani ya saa mbili tatu, kwa kiasi kidogo sana cha protini. Njia hiyo huipasha protini moto makusudi hadi iharibike, huku rangi maalumu ikionyesha iliharibika kwenye nyuzi ngapi.

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi za amino uliojikunja kwa umbo maalumu. Baadhi ya asidi hizo hukwepa maji, na mnyororo unapojikunja nyingi kati yake hujificha katikati. Joto likipanda, umbo hulegea na mnyororo hukunjuka, na sehemu zile zilizojificha hubaki wazi. Ndicho kinachotokea kwenye ute wa yai sufuriani: protini zake hukunjuka, zikashikana, ute ukawa mweupe na mgumu. Lisozaimu, mojawapo ya protini za ute huo, hukunjuka karibu na nyuzi 70 za Selsiasi, na maabara nyingi huitumia kuhakikisha kwamba jaribio linafanya kazi.

Rangi inayotumika zaidi inauzwa kwa jina la SYPRO Orange. Awali ilitengenezwa kwa ajili ya kuonyesha protini zilizotenganishwa kwenye jeli. Ikiwa ndani ya maji, karibu haing'ai kabisa. Ikijibana kwenye sehemu inayokwepa maji, hung'aa: ikimulikwa kwa mwanga wa bluu hurudisha mwanga wa rangi ya chungwa. Kwa hiyo protini iliyojikunja vizuri haiiwashi, na inayokunjuka huiwasha. Mwaka 2001 Michael Pantoliano na wenzake, wa kampuni ya dawa ya 3-Dimensional Pharmaceuticals ya Marekani, walieleza jinsi ya kutumia wazo la namna hii kuchuja kemikali nyingi kwa pamoja. Baadaye iligundulika kwamba hakuna haja ya chombo maalumu. Mashine ya PCR inayosoma mwanga, ileile inayotumika hospitalini kutafuta vijidudu, tayari inapasha moto na inasoma mng'ao.

Tuchukue mfano wa kimeng'enya chenye uzito wa kilodaltoni 30, kilichokuwa kikihifadhiwa kwenye bafa ya Tris yenye pH 8 na kikawa kinaganda. Vipimo vya joto vitakavyofuata ni vya kueleza tu, lakini mwenendo wake ni ule unaokutwa maabara.

Sahani ya plastiki ina vishimo 96, safu nane kwa nguzo kumi na mbili. Kila safu hupewa bafa yake, kuanzia pH 5 hadi pH 9. Nguzo tatu za kwanza hazina chumvi, tatu zinazofuata zina chumvi ya kawaida milimolari 150, na tatu nyingine milimolari 500. Kila mazingira basi yana vishimo vitatu vinavyofanana. Nguzo tatu za mwisho huwekewa bafa na rangi bila protini, moja kwa kila kiwango cha chumvi. Wenye haraka huziruka nguzo hizo, nao hujuta, kwa sababu bila hizo hakuna namna ya kujua kama mng'ao unatoka kwenye protini au kwenye kemikali iliyowekwa.

Kila kishimo hubeba mikrolita 20: mikrolita 18 za bafa iliyochanganywa na rangi, na mikrolita 2 za protini, ili mwishoni protini iwe miligramu 0.15 kwa mililita. Rangi huja ikiwa nzito mara 5,000 na hupunguzwa hadi mara 5. Sahani nzima hula takriban miligramu 0.2 tu za kimeng'enya. Jambo dogo linaloharibu majaribio mengi liko hapa: protini huja na bafa yake ya zamani. Ikiwa bafa hiyo ni nzito, itayumbisha pH ya vishimo vyote na tofauti zitafifia. Inafaa iwe nyepesi, kama milimolari 10, na ile ya kishimoni iwe milimolari 100.

Sahani hufunikwa kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga na kuzungushwa kwenye sentrifuji kwa dakika moja ili mapovu yatoke. Povu likibaki hupasuka katikati ya safari na kuacha mruko mkali kwenye mchoro. Kisha mashine hupandisha joto kutoka nyuzi 25 hadi 95, nyuzi moja kwa dakika, ikisoma mng'ao njia nzima. Kwa mashine nyingi husomwa kwenye mkondo ulioandikwa ROX, na anayeendesha hukumbuka kuizuia mashine isiugawe mng'ao kwa rangi ya marejeo kama inavyozoea kufanya kwenye PCR.

Mchoro mzuri huanza chini, ukiwa tambarare, kisha hupanda ghafla, hufika kileleni na kushuka. Mpando ni protini ikikunjuka. Mshuko wa baadaye haumaanishi kwamba imejikunja tena: protini zilizokunjuka zimeanza kushikana na kuisukuma rangi nje. Katikati ya mpando, pale mstari unapopanda kwa kasi kuliko kwingine, ndipo pa kusoma joto la kuyeyuka, linaloandikwa Tm.

Kwenye mfano wetu, Tris ya pH 8 bila chumvi inatoa Tm ya nyuzi 46. HEPES ya pH 7.5 yenye chumvi milimolari 150 inatoa 50, na chumvi ikifika 500 inatoa 52. Bafa ya sitrati inaanguka hadi 42. Vishimo vya pH 5 vinang'aa sana tangu nyuzi 25 na havionyeshi mpando wowote, ishara kwamba humo protini ilishakunjuka kabla ya safari kuanza. Tofauti ya nusu nyuzi kati ya vishimo vitatu vinavyofanana ni ya kawaida, kwa hiyo wengi huanza kuamini badiliko likifika nyuzi mbili.

Ile sitrati ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Sitrati hukamata metali. Je, kimeng'enya hiki kinashikiliwa na metali fulani? Sahani ya pili inajibu: kwenye HEPES ileile, EDTA, ambayo nayo hunyang'anya metali, inashusha Tm, kloridi ya magnesiamu milimolari 5 inaipandisha kwa nyuzi 4, kloridi ya kalsiamu haifanyi lolote. Utafutaji wa bafa umeleta habari ya kibiolojia ambayo haikutafutwa, kwamba kimeng'enya kinahitaji magnesiamu. Kwa ladha hii njia hii inapendwa na wanaoijua.

Tris nayo ina siri yake. pH yake hushuka kwa karibu 0.028 kwa kila nyuzi inayoongezeka. Iliyopimwa pH 8 kwenye nyuzi 25 huwa karibu 7.4 ikifika nyuzi 46, na kwenye jokofu la nyuzi 4 hupanda hadi karibu 8.6. Yaani kimeng'enya kilikuwa kikilala kwenye pH ambayo hakuna aliyeikusudia, na sahani haikuipima pH hiyo. Fosfati haina tabia hiyo kwa kiasi cha kutisha, ingawa ina yake: huweza kuzama pamoja na kalsiamu au magnesiamu.

Kuna protini ambazo rangi hii haizifai. Albumini ya damu ina mifuko inayokwepa maji hata ikiwa nzima, kwa hiyo huiwasha rangi mapema. Protini za utando wa seli huletwa ndani ya sabuni, na matone ya sabuni huiwasha rangi yenyewe bila kuhitaji protini. Huko hutumika rangi nyingine, au mng'ao wa asili wa triptofani iliyomo kwenye protini. Nyingine ni imara kupita kiasi. Streptavidini huyeyuka karibu na nyuzi 75, lakini ikishika vitamini iitwayo biotini hufika karibu 112, juu ya kiwango cha kuchemka kwa maji na nje ya uwezo wa mashine ya PCR. Mstari tambarare hapo ungeonekana kama jaribio lililoshindwa, kumbe ndiyo protini imara kuliko zote mezani.

Tm kubwa pia haitoi hakikisho la maisha marefu kwenye nyuzi 4. Kwa protini nyingi kukunjuka ndani ya sahani ni safari isiyo na kurudi, hivyo namba inayopatikana hubadilika hata kwa kasi ya kupasha moto. Inafaa kulinganisha kishimo na kishimo ndani ya sahani moja. Hata hivyo ulinganisho huo una uzito. Mwaka 2006 Ulrika Ericsson na wenzake waliwapima protini 25 za bakteria E. coli kwa njia hii, kisha wakazijaribu kutengeneza fuwele. Zilipowekwa pamoja na viongezo vilivyopandisha Tm, dalili za fuwele ziliongezeka maradufu kuliko bila viongezo hivyo.

Kwa kimeng'enya chetu kazi iliyobaki ni ya subira. Kinagawanywa kwenye vichupa viwili, kimoja cha Tris ya zamani na kimoja cha HEPES yenye chumvi na magnesiamu, na vyote vinakaa jokofuni wiki moja. Kisha vinazungushwa kwa kasi ili vibonge vizame, na kwenye maji ya juu hupimwa mambo mawili: protini imebaki kiasi gani, na bado inafanya kazi kwa kasi gani. Kipimo cha pili hakirukwi, kwa sababu kiongezo huweza kuikaza protini kwa kuziba mahali pake pa kazi, ikadumu wiki nzima ikiwa angavu bila kufanya kazi yoyote.