Kwa Nini Grafu ya Kimeng'enya Hupanda Taratibu na Kuporomoka Ghafla

Swali huja hivi. Pamechorwa grafu ya amilesi, kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga kuwa sukari. Mhimili mlalo unaonyesha jotoridi kuanzia nyuzi 0 hadi 70 za Selsiasi, na mhimili wima unaonyesha kasi ya kazi. Mstari unapanda taratibu, unafika kileleni karibu na nyuzi 40, kisha unaporomoka hadi sifuri. Mtahiniwa achague kauli sahihi: kwamba katika nyuzi 5 kimeng'enya kimeharibika, kwamba katika nyuzi 65 kimekufa, kwamba katika nyuzi 25 na 50, ambako kasi inalingana, hali ya kimeng'enya ni ileile, au kwamba mstari unashuka baada ya kilele kwa sababu kimeng'enya kinapoteza umbo.

Aliyekariri atachagua ya mwisho na kupata alama yake. Shida itaanza siku swali litakapogeuzwa, kwa hiyo tuziangalie hizo tatu nyingine.

Kwenye baridi, chembe za wanga na za kimeng'enya zinasogea polepole, hazigongani mara kwa mara, na nyingi zinazogongana hazina nguvu ya kutosha kuanzisha mabadiliko. Ukiongeza nyuzi 10, kasi huongezeka kama mara mbili hivi. Kimeng'enya chenyewe ni kizima muda wote huo, kinangoja joto tu. Chukua mirija miwili ya amilesi, mmoja uliokaa kwenye barafu na mwingine uliochemshwa. Iweke yote kwenye maji ya nyuzi 37, kisha uiongezee wanga. Ule wa barafu utaanza kazi. Uliochemshwa hautafanya lolote. Kauli ya nyuzi 5 inaangukia hapo.

Amilesi ni protini, nyuzi ndefu iliyokunjwa ikashikiliwa na viungo vidogo dhaifu, na mkunjo huo ndio unaounda kishimo cha kupokelea wanga. Joto likizidi, viungo vinaachia na kishimo kinapotea. Ni jambo lilelile linalougeuza ute wa yai kuwa mweupe ukiukaanga, na hakuna anayeupoza ukarudi kuwa maji. Neno "kimekufa" linakosea kwa sababu kimeng'enya hakijawahi kuwa kiumbe hai.

Kauli ya tatu ndiyo yenye mtego hasa. Urefu wa mstari katika nyuzi 25 na 50 unaweza kulingana, lakini sababu zinatofautiana. Katika 25 vimeng'enya vyote ni vizima, ila vinafanya kazi taratibu. Katika 50 vilivyobaki vizima vinafanya kazi kwa kasi kubwa, ila idadi yao inapungua kadiri dakika zinavyokwenda. Kumbe migongano haipungui baada ya kilele, inazidi kuongezeka. Kinachoushusha mstari ni uharibifu kuizidi faida ya joto, na kwa kuwa viungo vile huachia karibu kwa pamoja, upande wa kulia ni mkali kuliko wa kushoto. Ndiyo maana pia kilele si namba takatifu: jaribio refu hutoa nafasi zaidi ya kuharibika, na kilele husogea kidogo upande wa baridi.

Kabla ya kusoma kauli yoyote, soma mhimili wima. Maabara nyingi hupima dakika ambazo wanga hutumia kuisha, yaani hadi tone la mchanganyiko lisiigeuze tena iodini kuwa buluu nyeusi. Tuseme ilichukua dakika 8 katika nyuzi 20, dakika 2 katika nyuzi 40, na dakika 10 katika nyuzi 55. Ukichora dakika hizo utapata bonde badala ya kilima, na aliyezoea kutafuta sehemu ya juu kabisa atatangaza nyuzi 55 kuwa bora. Gawa 1 kwa kila muda: 0.125, 0.5 na 0.1. Kilima kimerudi, na nyuzi 40 ziko juu.

Grafu ya uasidi ina sura nyingine. Mara nyingi hushuka pande zote mbili kwa namna inayokaribiana, kwa sababu asidi ikizidi au alkali ikizidi, chaji za umeme ndani ya kishimo hubadilika na wanga haukai sawasawa. Ukisogea kidogo tu kutoka kileleni, kasi hurudi ukirekebisha pH. Ukienda mbali, umbo lenyewe huvunjika. Kilele cha amilesi ya mate kiko karibu na pH 7, cha pepsini ya tumboni karibu na 2, na cha tripsini inayotoka kwenye kongosho karibu na 8. Kwa hiyo kauli kwamba vimeng'enya vyote hupenda pH 7 ifute bila kusita. Na ukiona mistari ya pepsini na tripsini kwenye grafu moja, angalia penye pH 5: yote miwili iko chini, pepsini kwa kukosa asidi ya kutosha, tripsini kwa kuzidiwa na asidi.