Asilimia 20 Mbili Zisizofanana

Tuchukue kampuni mbili za mfano: duka la jumla na kiwanda cha saruji. Kila moja imepata faida ya shilingi milioni 20 kwa mtaji wa wenye hisa wa milioni 100, yaani asilimia 20. Je, zinalingana? Mbinu iliyoanzia kampuni ya DuPont ya Marekani huigawa asilimia hiyo mara tatu: faida katika mauzo, mzunguko wa mali, na ukubwa wa mali ukilinganishwa na mtaji.

Duka limeuza milioni 1,000 kwa mali ya milioni 250: 2% × 4 × 2.5 = 20%. Kiwanda kimeuza milioni 200 kwa mali ya milioni 400: 10% × 0.5 × 4 = 20%.

Hapo tofauti inajitokeza. Kiwanda kinadaiwa milioni 300. Kama zote ni mkopo wa benki, riba ikipanda kutoka asilimia 10 hadi 14, milioni 12 zinaondoka. Tukiacha kodi, asilimia 20 inashuka hadi 8. Duka, likiwa limekopeshwa bidhaa bila riba, halitikisiki. Hatari yake ni bei: likipunguza shilingi 1 katika kila 100 bila kuongeza wateja, nusu ya faida imekwenda.