Zamu ya likelemba na picha za WhatsApp

Tuseme mama muuza mawese pale Kasongo yuko kwenye likelemba ya watu 10. Kila juma kila mtu anatoa franka 10.000, na mwenye zamu anabeba 100.000. Yeye amepanga kuongeza bidoni za mawese.

Siku mbili mbele ya zamu, anaona kwenye WhatsApp kijana wa jirani, aliyeenda kuchimba dhahabu Salamabila, kule Kabambare, amekaa juu ya pikipiki mpya. Picha haionyeshi majuma aliyochimba bila kupata kitu, wala deni lake la chakula. Mama anajiona amebaki nyuma. Zamu inafika, ananunua simu ya 80.000.

Lakini ile 100.000 haikuwa faida. Kama zamu yake ilikuwa ya 3, amelipa 30.000 tu, bado majuma 7, ni kusema deni la 70.000 kwa wenzake. Mawese yangezaa ya kulipa. Simu haizai, basi anachomoa kwenye mtaji. Dalili ndiyo hiyo: kila juma anarudi sokoni na mawese pungufu.

Dawa yake ni ndogo: apatane bei na mwenye mawese mapema, na siku ya kupokea apitie kwake kwanza, mbele ya kufika nyumbani. Zile picha za kijana anaweza kuzinyamazisha kwenye simu, naye hatajua.