Deni la Dola, Hesabu ya Shilingi

Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023, Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme nchini Kenya, ilipata hasara ya takriban shilingi bilioni 3.2. Mwaka uliofuata ikatangaza faida ya takriban bilioni 30. Bei ya umeme ilikuwa imepandishwa Aprili 2023, na hilo lilisaidia. Lakini kulikuwa na jambo jingine: kampuni ina mikopo ya fedha za kigeni, na dola iliyouzwa kwa shilingi 140 hivi Juni 2023 ilikuwa imeshuka hadi 129 hivi Juni 2024.

Deni linawezaje kuleta hasara mwaka huu na faida mwakani? Tuchukue mfano wa kiwanda cha biskuti kinachouza bidhaa zake zote humu nchini kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 kimekopa dola milioni 1 kununua tanuri, dola moja ikiwa shilingi 123. Mhasibu anaandika tanuri la shilingi milioni 123, na deni la kiasi hichohicho.

Ifikapo Desemba 31, 2023, dola ni shilingi 156. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 21, inamtaka mhasibu alipime deni upya kwa bei ya siku ya kufunga hesabu. Sasa ni milioni 156. Zile milioni 33 zilizoongezeka zinaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya faida na hasara ya mwaka huo, ingawa hakuna hata senti iliyotoka benki. Tanuri halipimwi upya: lilikwisha kununuliwa, na gharama yake inabaki ileile iliyoandikwa siku ya kwanza, ikipunguzwa na uchakavu tu. Mwenye kiwanda hushawishika kuziongeza zile milioni 33 kwenye bei ya tanuri ili hasara isionekane. Mkaguzi hawezi kulipitisha hilo.

Mwishoni mwa Januari 2024 kinakuja kipindi kigumu. Dola imefika 160, na siku ya marejesho ya dola 200,000 imewadia. Kiwanda kinalipa shilingi milioni 32. Vitabuni sehemu hiyo ya deni ilikuwa milioni 31.2, kwa hiyo inaongezeka hasara ya shilingi 800,000.

Wiki chache baadaye upepo unageuka. Februari 2024 serikali ya Kenya ilipata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 kutoka kwa wawekezaji wa nje, na hofu kwamba ingeshindwa kulipa deni lililokuwa likiiva Juni ikapungua. Shilingi ikapata nguvu. Kufikia Desemba dola ni 129. Deni lililobaki, dola 800,000, linashuka kutoka milioni 124.8 hadi milioni 103.2, na kiwanda kinaandika faida ya milioni 21.6. Ukitoa ile hasara ya Januari, mwaka 2024 unaonyesha faida ya milioni 20.8.

Mkurugenzi akitazama ukurasa huo peke yake atadhani neema imeshuka. Jumlisha miaka yote miwili: hasara ya 33 ukitoa faida ya 20.8 inabaki hasara ya milioni 12.2. Kati ya hizo, milioni 4.8 zimo kwenye deni ambalo bado halijalipwa. Dola ikirudi 123 zitafutika. Lakini milioni 7.4 ni za yale marejesho ya Januari. Dola zilizokopwa kwa 123 zililipwa kwa 160, na shilingi hata ikipanda vipi, fedha hizo hazirudi.

Ndiyo maana wahasibu hutenganisha tofauti iliyokwisha kutimia, yaani iliyolipwa, na ile iliyo vitabuni tu. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya nayo hutazama iliyotimia. Anayegawa gawio kwa kutegemea faida ya vitabuni atalipa fedha taslimu kwa faida ambayo bado haijaingia mfukoni.

Basi ukishika ripoti ya kampuni yenye deni la dola, usiishie kwenye faida ya mwisho. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha taslimu: kwa kawaida pale juu faida ya ubadilishaji ambayo haijatimia huondolewa, na hasara kama hiyo hurudishwa, kwa sababu si fedha. Kisha uliza kampuni inauza kwa sarafu gani. Muuza maua Ulaya anayelipwa kwa fedha za kigeni ataona hasara hiyohiyo vitabuni shilingi ikianguka, lakini mauzo yake yajayo yatamletea shilingi nyingi zaidi za kuifidia. Muuza biskuti hana pa kuifidia ila kupandisha bei dukani.