Kadi za Grafiki: Bei ya Uzinduzi na Bei ya Dukani

Thamani ya kadi ya grafiki hupimwa kwa hesabu fupi: uwezo wa kadi unagawanywa kwa bei yake. Jibu linaonyesha kila dola, au kila laki ya shilingi, inamletea mnunuzi mwendo kiasi gani kwenye gemu. Hesabu yenyewe hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Kazi ipo kwenye namba mbili zinazoingia humo, na kati ya hizo mbili, inayopotosha watu zaidi ni bei.

Uwezo hupimwa kwa fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha ambazo kadi inaweza kuzichora ndani ya sekunde moja. Gemu moja haitoshi, kwa sababu kuna gemu zinazoipendelea Nvidia na nyingine zinazoipendelea AMD, hivyo wapimaji makini hutumia kumi au zaidi. Matokeo hayo nayo hayajumlishwi ovyo. Ichukuliwe kadi ya kwanza inapata fremu 60 kwenye gemu nzito na 300 kwenye gemu nyepesi, na ya pili inapata 72 na 280. Wastani wa kawaida unaipa ya kwanza 180 na ya pili 176, kana kwamba ya kwanza ndiyo bora. Lakini kadi ya pili imeshinda kwa asilimia 20 pale kwenye gemu nzito, ambako mchezaji anaona tofauti kwa macho, na imeshindwa kwa asilimia 7 tu pale ambapo picha zilikuwa nyingi kupita mahitaji. Gemu nyepesi imeimeza nzito kwa ukubwa wa namba zake. Dawa ni wastani wa kijiometri: namba za kila kadi zinazidishwa, kisha inatafutwa mzizi wake. Kwa njia hiyo ya kwanza inapata 134 na ya pili 142, na ukweli unajitokeza.

Namba ya uwezo ina ujanja wake mwingine. Januari 2025, mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, alitangaza jukwaani kwamba RTX 5070 ya dola 549 ingekuwa na uwezo wa RTX 4090, kadi iliyozinduliwa kwa dola 1,599. Ulinganisho huo ulitegemea teknolojia inayobuni fremu za ziada katikati ya zile zilizochorwa kweli. Fremu hizo hulainisha mwendo machoni, ila hazimfanyi mchezaji aone amri ya kidole chake ikitekelezwa mapema zaidi. Zinapoingizwa kwenye mgao, kadi moja inapimwa kwa kilo na nyingine kwa debe.

Hesabu kamili inaonekana vizuri kwenye soko la katikati ya 2023, muda mfupi baada ya RTX 4060 kutoka. Kwa skrini ya 1080p, RTX 4060 ikipewa alama 100, nyingine zinaangukia karibu na hapa: RX 6600 ina 80, RTX 3060 ya gigabaiti 12 ina 84, RX 7600 ina 96, RTX 4060 Ti ina 122 na RTX 4070 ina 150. Hizi ni namba za jumla. Mpimaji mmoja na mwingine hutofautiana kwa alama chache.

Ikitumika bei ya uzinduzi, ile inayotangazwa na kampuni siku kadi inapotoka, mpangilio unakuwa hivi. RX 7600 ya dola 269 inatoa alama karibu 36 kwa kila dola 100. RTX 4060 ya dola 299 inatoa 33, na RTX 4060 Ti ya dola 399 inatoa karibu 31. RTX 3060 iliyozinduliwa kwa dola 329 inatoa 26, RTX 4070 ya dola 599 inatoa 25, na RX 6600, nayo ya dola 329, inashika mkia kwa alama 24. Kwa mpangilio huo, RX 6600 haifai hata kuulizwa bei.

Sasa ibadilishwe namba moja tu. Katikati ya 2023, RX 6600 ilikuwa ikiuzwa mpya madukani Marekani kwa takriban dola 200. Alama 80 kwa dola 200 ni alama 40 kwa kila dola 100, na kadi iliyokuwa ya mwisho inaruka hadi ya kwanza. RTX 3060 ilikuwa imeshuka pia, ila ikagota kwenye dola 280 hivi, na hivyo ikaishia kwenye alama 30. Kadi ni zilezile, na gemu ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba bei ya 2021 imeondolewa na ya siku ya ununuzi ikawekwa.

Ile dola 329 ya RX 6600 ina historia yake. Kadi hiyo ilitoka Oktoba 2021, wakati kadi za grafiki zilikuwa zikigombaniwa na wachimbaji wa sarafu ya Ethereum. Sokoni hakuna kilichokuwa kikipatikana kwa bei iliyotangazwa, na kampuni zikijua hivyo zilipanga bei rasmi za juu kuliko ambazo zingekubalika wakati wa utulivu. Mnamo 15 Septemba 2022 Ethereum ilihamia mfumo usiohitaji uchimbaji, na wateja hao wakatoweka. Bei za dukani, ambazo zilikwisha kuanza kushuka mwaka ule, ziliendelea kuteremka. Bei rasmi haikuguswa, kwa kuwa kampuni mara nyingi haitangazi punguzo kwa kadi ya zamani. Maduka huishusha yenyewe kimyakimya.

Kosa huja pia kwa upande wa pili. RTX 3080 ilizinduliwa Septemba 2020 kwa dola 699, na wapimaji wakaisifu kwa haki kwa sababu kwa bei hiyo ilikuwa mteremko. Miezi michache baadaye, aliyeitaka alilazimika kulipa mara mbili au zaidi. Tathmini zilizoandikwa siku ya uzinduzi zilibaki vilevile, zikiwa na hitimisho lililojengwa juu ya dola 699 ambazo wanunuzi wachache mno waliwahi kuzilipa. Msomaji aliyezikuta mwaka uliofuata alikuwa anasoma habari za soko lililokwisha kufa.

Hata bila wachimbaji, bei ya uzinduzi mara nyingi ni ya chambo. Kadi nyingi hazitengenezwi na Nvidia wala AMD zenyewe, bali na kampuni washirika wanaonunua chipu na kuweka feni na ubao wao. Mshirika hutoa toleo moja la kawaida kwa bei iliyotangazwa na mengine kadhaa yenye feni kubwa na taa za rangi kwa bei ya juu zaidi. Lile la kwanza huisha mapema. Ndivyo ilivyokuwa kwa RX 9070 XT mwezi Machi 2025: zilizouzwa kwa dola 599 zilikwisha haraka, na waliochelewa wakakutana na matoleo ya bei ya juu. Dalili ni rahisi kuiona. Bei ya uzinduzi ikitajwa kila mahali lakini hakuna duka lenye kadi hiyo ghalani kwa bei hiyo, basi hiyo haipaswi kuingia kwenye hesabu.

Kwa mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam, umbali kati ya tangazo na kaunta ni mkubwa zaidi. Bei ya dola inayotangazwa Marekani haina kodi ya mauzo ndani yake. Kadi ikifika Afrika Mashariki hubeba usafiri, faida ya mwagizaji na VAT, ambayo kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Kama nyongeza hizo zingepandisha kila kadi kwa kiwango kilekile, mpangilio usingebadilika. Lakini hazifanyi hivyo. Muuzaji mwenye mzigo wa zamani alioununua kwa bei ya juu hayuko tayari kuuza kwa hasara eti kwa sababu bei imeshuka Marekani. Ichukuliwe anataka shilingi 700,000 za Tanzania kwa RX 6600 na 850,000 kwa RTX 4060. Ya kwanza inatoa alama 11.4 kwa kila laki na ya pili 11.8. Ushindi mkubwa uliopatikana kwa dola umeyeyuka kwenye duka hilo moja, na anayechagua RX 6600 kwa kufuata jedwali la nje ananunua uwezo mdogo kwa bei mbaya zaidi.

Mgao wenyewe una upendeleo: huzipa ushindi kadi za bei nafuu, kwa sababu unasahau kwamba kadi peke yake haichezi gemu. Ichukuliwe kompyuta ya mezani bila kadi inagharimu dola 600. Ikiongezwa RX 6600, jumla ni 800, na alama ni 10 kwa kila dola 100. Ikiongezwa RTX 4060 zinakuwa 11, RTX 4060 Ti 12, na RTX 4070, iliyokuwa karibu na mkia, inaongoza kwa 12.5. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti. Mwenye kompyuta tayari anaangalia bei ya kadi tu. Anayejenga kutoka mwanzo anaangalia jumla, kisha anajiuliza kila hatua ya juu inamgharimu nini: kutoka RX 6600 hadi RX 7600, iliyokuwa ikipatikana kwa dola 260 hivi, kila alama ya ziada ilikuwa karibu dola 4, lakini kutoka RTX 4060 Ti hadi RTX 4070 ilikuwa karibu dola 7.

Kuna kitu kimoja ambacho mgao hauoni kabisa, nacho ni kumbukumbu ya kadi. RTX 4060 Ti ilitoka kwa matoleo mawili: la gigabaiti 8 kwa dola 399, na la gigabaiti 16, lililofuata Julai 2023, kwa dola 499. Chipu ni ileile, na kwenye gemu nyingi fremu zilikuwa zilezile, hivyo kwa hesabu toleo la pili lilionekana ni hasara tupu. Ila gemu inapohitaji kumbukumbu zaidi ya ile iliyopo, kadi haipungui mwendo kidogokidogo. Picha hukwama na kushtuka, au kuta na nyuso huonekana zimefifia kama zimepakwa tope. Wastani wa fremu unaweza kuficha hali hiyo, kwa hiyo wapimaji wazuri huonyesha pia fremu za chini kabisa, zile asilimia moja zilizo mbaya kuliko zote. Kadi mbili zenye wastani sawa lakini zinazoachana sana hapo hazina thamani sawa.

Kwa aliyekuwa na kompyuta tayari, skrini ya 1080p na duka linalouza kwa dola 200 katikati ya 2023, kadi ya kununua ilikuwa RX 6600, ileile iliyoshika mkia kwa bei ya uzinduzi.