Kiyoyozi cha Chumba cha Mbele

Tulikuwa wanne kwenye nyumba moja ya kupanga Sinza, Dar es Salaam, na kila luku ilipoisha kundi letu la WhatsApp liliwaka. Mwenye chumba cha mbele ana kiyoyozi. Sisi wengine tuna feni, lakini umeme tulikuwa tunachanga sawa.

Ugomvi ulipungua tulipoacha kubishana na kuanza kusoma mita. Tarehe mosi mmoja anapiga picha ya uniti zilizobaki na kuitupia kundini. Unachohesabu ni zilizotumika, siyo zilizonunuliwa, maana anayenunua tarehe 29 anaupa umeme wake mwezi unaofuata. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku tunaiweka pembeni: hiyo ni ya mwenye nyumba, tunaimalizana naye kwenye kodi ya pango.

Kiyoyozi tulikipima hivi. Usiku mmoja kilizimwa, na kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja alfajiri mita ikashuka uniti 2.2. Kesho yake kikawashwa, vingine vyote vikabaki kama jana, ikashuka 5.9. Tofauti ni 3.7. Kipimo cha usiku mmoja kinaweza kudanganya, joto likizidi kinakula zaidi, kwa hiyo tulirudia mara mbili. Mwisho wa mwezi ujumbe ukaja:

“Wakuu, habari za asubuhi. Tumetumia uniti 200 kwa sh. 356, jumla 71,200. Kiyoyozi usiku 20 mara 3.7 ni uniti 74, sh. 26,344. Zinabaki 44,856, kila mtu 11,214. Chumba cha mbele jumla 37,558. Mwenye swali aulize leo, kesho nanunua.”

Tungegawana sawa, kila mmoja angetoa 17,800. Mwenye kiyoyozi alinuna, akaomba aone picha za mita, akaziona, akatuma hela.

Maji ni rahisi zaidi: tunahesabu usiku wa kulala. Bili ilikuwa 36,000. Wawili walilala siku zote 30, mmoja alisafiri akalala 16 tu, na wa nne alilala 30 pamoja na mdogo wake aliyekaa usiku 14. Jumla 120, yaani sh. 300 kwa usiku. Aliyesafiri akalipa 4,800, na mwenye mgeni 13,200. Mgeni ni wa aliyemleta.

Hapo aliyesafiri akanogewa: “Basi na intaneti mnipunguzie, sikuwepo!” Tukakataa. Maji hupungua mtu akiondoka, ila kifurushi cha mwezi ni 70,000 tuwepo au tusiwepo, na yeye ndiye aliyekubali tukichukue. Akatoa 17,500 yake, akasindikiza na kikatuni cha kununa.

Siku hizi kiyoyozi cha chumba cha mbele huzimwa saa nane usiku. Itabidi tukipime upya.